Kura Zimepigwa, Ukumbi Umenyamaza: Kutafuta Kasoro katika Maswali ya Kura

Ukumbi ninaofundishia biolojia ya mwaka wa kwanza, hapa magharibi mwa Kenya, una viti vilivyopanda ngazi kwa ngazi hadi karibu na dari. Jumatatu asubuhi huingia wanafunzi karibu 400, na wanaochelewa hukaa kwenye vidato vya ngazi. Ukiwauliza, "Mmeelewa?" wataitikia "Ndiyo" kwa sauti moja, nawe hutajua lolote. Kwa ajili hiyo nilianza kutumia maswali ya kura: swali moja ubaoni, majibu manne, kila mtu achague herufi yake. Kura ikienda vizuri, ndani ya dakika chache naona ni wangapi waliochanganyikiwa na wamechanganyikiwa wapi, na wao wenyewe huanza kubishana kabla sijasema neno.

Mara nyingi haiendi vizuri. Nimewaona wenzangu wakijaribu wiki mbili kisha wakaacha, wakisema wanafunzi wetu hawapendi kuzungumza. Mimi pia nilikaribia kuacha. Kilichonizuia ni kugundua kwamba kura iliyoharibika huonyesha dalili zake, na kila dalili ina chanzo kinachoweza kutafutwa. Nitazipitia dalili hizo kwa kufuata swali moja tu, swali la hindi, kwa kuwa ndilo lililonitesa zaidi na kunifundisha zaidi.

Kwanza utaratibu wenyewe, kwa ufupi. Ulianzishwa na Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka wa 1991. Swali linaonyeshwa, kila mtu anafikiri peke yake kimya kwa dakika moja au mbili, kisha kura ya kwanza inapigwa. Baada ya hapo wanafunzi wanageukiana na kujadili kwa dakika tatu hivi, wanapiga kura ya pili kwa swali lile lile, ndipo mwalimu anafafanua. Usiiruke kura ya kwanza. Mtu aliyekwisha kuchagua herufi ana kitu cha kutetea, na asiyechagua atamsikiliza jirani na kuitikia tu.

Swali langu ni hili. Hindi zima, yaani bua, majani, gunzi na punje, limekaushwa kwenye tanuri la maabara hadi uzito wake umeacha kupungua. Sehemu kubwa ya uzito uliobaki ilitoka wapi? A, udongo. B, maji. C, hewa. D, mwanga wa jua.

Punje iliyopandwa ilikuwa na uzito wa thuluthi moja ya gramu hivi, na mmea mkavu unaweza kupita gramu 200. Jibu ni C. Kaboni dayoksaidi iliyoingia kupitia majani ndiyo iliyoleta kaboni na pia oksijeni ya wanga na nyuzi za mmea, na hizo mbili pamoja ni karibu gramu 90 katika kila gramu 100 za mmea mkavu. Maji yameleta haidrojeni, ambayo ni nyepesi sana. Madini ya udongo ni gramu chache tu kwa kila 100.

Dalili: karibu wote wamepatia, na hakuna lililotokea

Swali la hindi halikuanza hivyo. Mara ya kwanza niliuliza, "Mmea hutumia gesi gani katika usanisinuru?" Karibu wanafunzi tisa kati ya kumi walichagua kaboni dayoksaidi. Nilifurahi, nikaendelea na somo. Kwenye mtihani wa kati ya muhula, wanafunzi wale wale walioandika mlingano huu bila kosa,

```
6CO2 + 6H2O -> C6H12O6 + 6O2
```

waliandika ukurasa uliofuata kwamba mti hunenepa kwa sababu "unakula udongo kupitia mizizi". Walikuwa na mlingano, na walikuwa na imani yao ya shambani, na vitu hivyo viwili havikuwa vimewahi kukutana.

Kwa hiyo kura ikijaa upande wa jibu sahihi, jiulize kama swali limedai wazo au limedai neno tu. Swali linalodai neno huwapa alama wenye kumbukumbu na kuficha mkanganyiko wote ulioko chini. Jambo la kufanya ni kuyatengeneza majibu yasiyo sahihi upya, na usiyabuni ofisini mwako. Yachukue midomoni mwao. Wiki moja kabla, niligawa vikaratasi nikaomba kila mtu aandike sentensi moja: mti hupata wapi uzito wake? Jioni nilivipanga mezani mafungu mafungu. Fungu la udongo na mbolea lilikuwa refu kuliko mengine yote, likifuatwa na la maji. Fungu ambalo sikulitarajia kabisa lilikuwa la jua: "mwanga unageuka kuwa chakula". D ilizaliwa pale, na mimi peke yangu nisingeifikiria.

Jibu ambalo halipati kura yoyote ni nafasi iliyopotea. Likikaa hivyo mihula miwili, liondoe. Na kama swali ni zuri lakini zaidi ya asilimia 70 wamepatia kwenye kura ya kwanza, usiwalazimishe kujadili. Mwombe mmoja aeleze sababu yake, kisha songa mbele.

Dalili: kura zimetawanyika sawasawa kwenye herufi zote

Mgawanyo wa robo kwa robo hutia moyo ukiutazama haraka, kwa kuwa unafanana na mjadala mkali unaotaka kuanza. Mara nyingi si hivyo. Huenda wanabahatisha, au huenda kila kundi linajibu swali lake tofauti na lako.

Hilo la pili hutupata sana huku kwetu. Mihadhara yetu ni ya Kiingereza. Swali langu la kwanza la hindi lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza kizuri cha kitabu, na neno moja dogo, lile la "mkavu", lilikuwa limejificha katikati ya sentensi ndefu. Kura ziligawanyika karibu sawa, na B ilikuwa na nyingi kidogo. Niliwatuma kujadili, na mambo yakazidi kuvurugika. Mwishowe nilimwomba kijana mmoja wa safu ya kati asinipe jibu, bali anieleze kwa Kiswahili swali linauliza nini. Akasema, "Mwalimu, unauliza hindi likiwa shambani, uzito wake mwingi ni nini." Hindi bichi lililosimama shambani ni maji kwa sehemu kubwa sana. Kwa swali alilolisoma yeye, B ni jibu sahihi kabisa! Nilikuwa nimewahesabu kama waliochanganyikiwa watu ambao walikuwa wakifikiri sawasawa.

Tangu siku ile, kura zikitawanyika, sigusi jibu. Ninawaomba watu wawili au watatu kutoka pande tofauti za ukumbi wanisimulie swali kwa Kiswahili. Wakilisimulia kwa njia tofauti, kasoro iko kwenye maneno yangu, na hapo ninaandika upya papo hapo na kupiga kura nyingine ya kwanza. Tanuri la maabara na uzito ulioacha kupungua viliingia kwenye swali kwa njia hiyo, kwa kuwa mtu akishaliona hindi likitoka tanurini, hawezi tena kulifikiria likiwa bichi. Wakilisimulia sawa lakini hakuna mwenye sababu ya herufi aliyoichagua, basi walikuwa wanabahatisha. Hao hawana cha kujadili bado. Wafundishe dakika tano juu ya kinachoingia na kutoka kwenye jani, kisha rudi kwenye swali.

Dalili: umesema "jadilini", na ukumbi umenyamaza

Hii ndiyo dalili inayowavunja moyo walimu wengi, na ndiyo inayosingiziwa aibu ya wanafunzi. Kabla ya kuwalaumu, angalia kwanza projekta. Je, matokeo ya kura ya kwanza yako ukutani?

Kwa muhula mzima nilikuwa nikiyaonyesha matokeo mara tu kura ilipoisha, nguzo nne za rangi, kwa kuwa nilidhani ndiyo raha ya kura. Ukumbi ulitazama ile nguzo ndefu, ukapata jibu, ukanyamaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison walilipima jambo hili kwenye madarasa ya biolojia na kuchapisha matokeo mwaka wa 2010. Wanafunzi walioonyeshwa nguzo kabla ya kujadili walielekea zaidi kuliacha jibu lao na kuhamia jibu lenye wafuasi wengi, kwa takriban asilimia 30 zaidi ya wasioonyeshwa. Na jibu lenye wafuasi wengi linaweza kuwa si sahihi. Kwa hiyo matokeo ya kura ya kwanza yaone wewe peke yako. Mimi huwaambia tu, "Hamkubaliani," nikinyamaza hapo. Neno hilo moja hufanya kazi kuliko nguzo zote, mradi ni kweli.

Ikiwa matokeo yalifichwa na bado kimya, tazama walivyoketi. Marafiki huketi pamoja, hufikiri pamoja, na mara nyingi huwa na herufi moja. Watu wanne wenye A wakigeukiana, watakubaliana ndani ya sekunde kumi na kurudi kwenye simu zao. Agizo la "jadilini" haliwasaidii. Ninachosema siku hizi ni, "Tafuta mtu mwenye herufi tofauti na yako, hata kama yuko safu ya nyuma, umweleze kwa nini yake haiwezekani." Kisha naongeza, "Tumieni lugha yoyote." Mara ya kwanza niliposema hivyo nilisikia sauti ikipanda kutoka ngazi za chini hadi juu, Kiswahili, Kiluhya, Kijaluo, vyote pamoja. Walikuwa na hoja siku zote. Walikuwa wakiogopa kuikosea kwa Kiingereza mbele ya wenzao.

Chanzo kingine ni alama. Mwaka wa 2006, Mark James alichapisha utafiti wake wa mazungumzo ya wanafunzi katika madarasa mawili ya astronomia. Pale ambapo jibu sahihi la kura lilikuwa na uzito mkubwa kwenye alama, mwanafunzi mwenye ujuzi zaidi alitawala mazungumzo na mwenzake akafuata. Pale ambapo kushiriki tu kulitosha, mazungumzo yalikuwa ya watu wawili kweli. Mimi hutoa alama ndogo sana kwa kushiriki, sahihi au si sahihi, na sikubali kushawishiwa vinginevyo. Mtu anayewinda alama hatakuonyesha mahali alipochanganyikiwa, na hapo ndipo hasa unapopatafuta.

Dalili: kura hazifiki

Simu 400 zikiomba mtandao kwa sekunde ile ile katika chumba kimoja, wengi watakwama, na waliokwama huanza kuzungumza mambo mengine. Wengine hawana bando, na hawatakwambia. Baadhi ya huduma za kura za bure pia zina kikomo cha washiriki, kwa hiyo soma masharti kabla ya siku yenyewe. Plickers, huduma ya kura za kadi ambazo mwalimu huzisoma kwa simu yake, haihitaji simu za wanafunzi, ila seti yake ya kadi inaishia 63, nayo imekusudiwa chumba cha darasa la kawaida.

Mimi nimerudi kwenye karatasi. Kila mwanafunzi hukunja karatasi moja mara mbili ili apate robo nne, kisha anaziandika A, B, C na D kwa herufi kubwa, kila herufi na rangi yake. Nikihesabu hadi tatu, wote wanainua kwa pamoja na kuishika kifuani, si juu ya kichwa, ili waliokaa nyuma wasiione. Kutoka mbele naona rangi. Mwakilishi wa kila upande anahesabu safu zake na kuniletea kikaratasi. Hesabu haitakuwa kamili, lakini sihitaji kujua kama ni 131 au 138. Nahitaji kujua kama ni thuluthi au nusu.

Dalili: baada ya kujadili, kosa limeongezeka

Hapa ndipo swali la hindi lilipokuwa somo. Maneno yalikuwa yamesafishwa, matokeo yamefichwa, wamejadiliana kwa nguvu. Kura ya kwanza ilikuwa imeipa A karibu nusu ya ukumbi, na C robo tu. Kura ya pili, A ilikuwa imepita nusu na C imeshuka.

Sababu yake ni ya hesabu. Katika kundi la watu wanne, robo ya ukumbi ni mtu mmoja kwa wastani, na karibu thuluthi moja ya makundi haina hata huyo. Mwenye C alijikuta peke yake mbele ya watu watatu waliolima tangu utotoni. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Wewe, usipoweka DAP unavuna nini? Hewa?" Hoja hiyo ni nzito, maana kila mmoja ameona shamba lisilo na mbolea likitoa mahindi ya manjano, mafupi. Mwenye C hakuwa na la kujibu, kwa kuwa C yake ilikuwa imetoka kwenye mlingano wa kukariri.

Mazur na Catherine Crouch, walipotazama nyuma miaka kumi ya kufundisha hivyo, waliona kwamba mjadala huzaa zaidi pale waliopatia kwenye kura ya kwanza wanapokuwa kati ya asilimia 35 na 70. Chini ya hapo wenye jibu ni wachache mno. Kwa hiyo ukiona robo tu imepatia, usiwatume kujadili kama nilivyofanya. Wape kwanza ushahidi mmoja, na usiwape jibu.

Nilisimamisha mjadala nikawasimulia habari ya Jan Baptist van Helmont, mtafiti wa Ulaya wa karne ya kumi na saba. Alipanda mti mdogo wa mwerebi, wenye uzito wa kilo mbili na ushee, katika chungu chenye udongo aliokuwa ameukausha na kuupima, karibu kilo 90. Kwa miaka mitano aliunywesha maji tu. Mwishowe mti ulikuwa na kilo 76 hivi. Alikausha udongo tena, akaupima, na ulikuwa umepungua gramu zisizofika 60. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 1648, baada ya kifo chake.

Kisha nikaomba kura tena, ya kimya. A iliporomoka. Lakini kura zake hazikwenda C. Zilikwenda B, maji! Sikuwa nimelitarajia hilo, ingawa ningepaswa, kwa kuwa van Helmont mwenyewe alifikia uamuzi huo huo, kwamba mti wote ulitokana na maji. Ushahidi wangu ulikuwa umeifuta A na kuziacha B na C zikitazamana. B ilikuwa na nusu hivi, C imepanda hadi karibu sehemu mbili kati ya tano. Sasa tulikuwa ndani ya ile nafasi ambayo mjadala unafaa, na niliwaachia dakika nne nzima.

Nilitembea kati ya safu nikisikiliza. Hii ni kazi ya mwalimu wakati wa mjadala, kusikiliza bila kusahihisha, ili ujue ni sauti gani utakazoziita baadaye. Upande wa kushoto msichana mmoja alikuwa amewageuza wenzake sita. Alisema nyumbani kwao Kakamega nyanya yake huchoma magunzi ya mahindi na maganda ya maharagwe, majivu yake huyachuja kwa maji kupata musherekha wa kulainishia mboga. "Gunia zima la magunzi makavu," alisema, "majivu yake hayajazi kopo. Maji yalishakauka kabla hatujachoma. Sasa lile gunia lingine limeenda wapi?" Hakuna aliyemjibu mara moja, kisha mwenzake akasema polepole, "Limepanda na moshi." Na mwingine: "Basi kama lilirudi hewani, huenda lilitoka hewani."

Ilipofika kura iliyofuata, C ilikuwa na takriban watu wanane kati ya kumi. Nilimpa yule binti kipaza sauti awaeleze wote. Lakini kabla yake nilimwomba mtu wa A aseme hoja ya mbolea kwa nguvu zake zote, kwa sababu hoja isiyosemwa mbele ya wote haijibiwi, hubaki nyumbani na mwenyewe. Ndipo jibu lake likaeleweka: madini ndiyo yale majivu. Naitrojeni na fosforasi ya DAP ni kidogo kwa uzito, lakini bila hizo jani haliwezi kujenga vitendea kazi vya kuikamata kaboni. Shamba lisilo na mbolea linashindwa kula hewa. Mkulima na mlingano wote walikuwa wamesema kweli.

Dalili: kura ya mwisho ni nzuri mno

Nane kati ya kumi ni idadi ya kupendeza, na mimi huiogopa. Wangapi wameelewa, na wangapi wamesikia kwamba jibu ni C? Kura yenyewe haiwezi kukuambia.

Njia ya kutofautisha ni swali pacha: wazo lile lile, vazi tofauti, lijibiwe kimya bila mjadala na kabla hujatangaza jibu la swali la kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder walifanya hivyo katika darasa kubwa la jenetiki na kuchapisha matokeo mwaka wa 2009. Wanafunzi waliojadili walifanya vizuri zaidi hata kwenye swali pacha walilolijibu peke yao, na hata pale ambapo dalili zilikuwa kwamba hakuna mtu katika kundi aliyejua jibu mwanzoni. Kwa hiyo kujadili kunaweza kuzaa uelewa wenyewe, si kunakili tu. Lakini hujui kama kumezaa kwako hadi uulize.

Pacha wangu ni mkaa. Debe la mkaa limewaka kwenye jiko hadi likabaki majivu kiganjani. Sehemu kubwa ya uzito wake imekwenda wapi? A, imegeuka kuwa joto. B, imeingia hewani kama gesi isiyoonekana. C, iko kwenye majivu. D, imetoka kama masizi na moshi mweusi.

Nilitaraji B iwe karibu na ile nane kati ya kumi. Ilipata nusu hivi. A ilipata zaidi ya thuluthi. Nilisimama pale mbele nikizitazama rangi za kadi, na ndipo nikaelewa lile fungu la vikaratasi vya jua. Mwanga kugeuka kuwa hindi, mkaa kugeuka kuwa joto, ni wazo moja. Wanafunzi hawa walikuwa hawajatenganisha kitu na nguvu inayokiendesha. Baadhi yao walihamia C kwenye swali la hindi kwa sababu ya udongo na maji kuondolewa, na imani yao ya jua haikuwa imeguswa hata kidogo. D ilikuwa na kura chache tangu mwanzo, nami nikaidharau kwa sababu ya uchache wake.

Kosa langu la mwaka ule lilikuwa kutangaza jibu la hindi kabla ya kuuliza pacha. Laiti ningeanza na mkaa, ningewaita wachache wa D waseme hoja yao pamoja na A na B, na mkanganyiko huo ungetoka siku ile. Sasa ninapanga saa yangu kwa maswali mawili tu, swali na pacha wake, kwani yote pamoja na mijadala yake humaliza dakika 25 hadi 30. Aliyejaribu kuweka matano hufika kwenye la tatu akiwa anakimbia, na kinachokatwa kwanza ni mjadala.

Jumatatu iliyofuata nilibeba jiko dogo na mizani ya jikoni hadi kwenye ua ulio nyuma ya ukumbi. Mkaa ulipimwa mbele ya wawakilishi, ukawashwa mwanzo wa somo, na kabla ya kurudi kuyapima majivu nilipiga kura ya mkaa upya. Safari hii niliongeza sharti moja: kila mwenye A aandike nyuma ya kadi yake mizani itaonyesha nini, na gramu zilizokosekana angezitafuta wapi.